Deni Litalala Nyumbani kwa Nani?

Butembo ni mji uliojengwa kwa fedha za kuunganisha. Kontena linalotoka Guangzhou au Dubai, likashuka Mombasa, likapita Kampala na kuvuka mpaka Kasindi, mara nyingi huwa na mali ya watu kadhaa ndani yake. Kusini zaidi, Luofu na Kayna, mwenye depo hushirikiana na mwenye pesa, na mwenye pesa hushirikiana na mwenye karatasi za kusafirisha mazao nje. Watu hawa huulizana mengi kabla ya kuanza: bei ya kilo, hali ya barabara, gari la nani, mnunuzi gani. Swali moja hupitwa mara nyingi, nalo ni hili: biashara ikiharibika, mdai atabisha hodi kwenye mlango wa nani? Jibu lake linategemea aina ya ubia waliouunda, na wengi huwa wameshaunda aina fulani bila kujua kwamba walichagua.

Sheria inayotawala jambo hili nchini Kongo ni ya OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ambayo nchi yetu iliingia rasmi tarehe 12 Septemba 2012. Sheria yake ya makampuni ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2014, nayo inatoa njia mbili kuu kwa watu wanaotaka kufanya biashara pamoja. Njia ya kwanza ni ubia wa mkataba: wabia wanapatana, hawajiandikishi kwenye rejista ya biashara ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, RCCM, na ubia wao hauwi mtu mbele ya sheria. Hauwezi kudai, hauwezi kudaiwa, hauwezi kumiliki hata gunia moja. Njia ya pili ni kuunda kampuni, na kwa wafanyabiashara wa kawaida kampuni hiyo huwa SARL. Ikishaandikishwa, inakuwa mtu mpya kabisa, mwenye jina lake, mali zake na madeni yake. Tofauti nyingine zote kati ya njia hizi mbili zinatiririka kutoka hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye hesabu nyepesi. Watu watatu wanataka kununua kahawa ya msimu mmoja kusini mwa Lubero. Mfadhili wa Butembo anatoa dola 30,000. Mwenye depo wa Luofu, anayewajua wakulima kijiji kwa kijiji, anatoa 10,000. Wa tatu ni msafirishaji, mwenye kibali cha kuuza nje na anayemjua mnunuzi, naye anatoa 10,000. Jumla ni dola 50,000, na mafungu yao ni 60, 20 na 20 kwa mia. Fedha hizo hazitoshi, hivyo wanakopa nyingine 20,000 ambazo pamoja na riba zitarudi 22,000. Dola 70,000 zote zinaingia kwenye kahawa, magari na vibarua.

Msimu ukienda vizuri, aina ya ubia haionekani. Kahawa inauzwa 84,000, mkopeshaji analipwa 22,000, zinabaki 62,000. Wabia wanarudishiwa 50,000 zao na kugawana faida ya 12,000: mfadhili 7,200, wale wawili 2,400 kila mmoja. Hesabu hii ni ile ile kwa mkataba au kwa kampuni, ukiacha kando kodi na akiba ambayo kampuni hulazimika kuweka. Ndiyo maana watu hufanya misimu mitatu au minne wakidhani wamekwisha kuelewana. Ukweli ni kwamba hawajawahi kupimwa.

Sasa tuseme magari yameshambuliwa njiani, au depo imeungua, na kahawa iliyosalia imeuzwa dola 10,000 tu. Hili si jambo la kufikirika kwa Luofu: usiku wa tarehe 17 Aprili 2009 waasi wa FDLR waliuvamia mji huo, wakaua watu na kuteketeza nyumba zaidi ya 250. Deni la 22,000 lipo pale pale, na zimepungua 12,000 kulilipa. Chini ya ubia wa mkataba, sheria inasema kila mbia anapatana na watu wa nje kwa jina lake mwenyewe, na yeye peke yake ndiye anayewajibika kwao. Aliyetia saini mkopo ni msafirishaji. Kwa hiyo mkopeshaji anamfuata msafirishaji, na kama hana fedha mkononi, anaifuata nyumba yake, gari lake na duka lake. Mtu aliyekuwa na haki ya moja ya tano ya faida anabeba deni lote mbele ya mdai.

Je, hawezi kuwarudia wenzake? Anaweza, na hapa ndipo mkataba unapopata kazi yake halisi. Hasara yote ni 62,000: mtaji wa 50,000 na upungufu wa 12,000. Kwa mafungu yao, mfadhili anapaswa kubeba 37,200 na wale wawili 12,400 kila mmoja. Mfadhili ameshapoteza 30,000 zake, hivyo anadaiwa 7,200 zaidi, na mwenye depo anadaiwa 2,400. Lakini hayo ni madai ya msafirishaji dhidi ya wenzake, na mkopeshaji hahusiki nayo. Msafirishaji analipa kwanza, kisha anaanza kuwatafuta. Kama hakuna karatasi, atalazimika kuthibitisha kwanza kwamba ubia ulikuwepo. Sheria inamruhusu kutumia ushahidi wa aina yoyote, hata ujumbe wa simu na risiti za kutuma fedha, ila kuruhusiwa kuthibitisha ni jambo moja na kuweza kuthibitisha ni jingine.

Mfadhili aliyekaa Butembo anaweza kudhani kwamba kwa kutotia saini amejikinga. Amejikinga kwa masharti. Kama aliandamana na mwenzake kwa mkopeshaji akajitambulisha kuwa mbia, au kama kujiingiza kwake kulimfanya mkopeshaji aamini kwamba naye anajifunga, na mkopo ule ukamnufaisha, sheria inamhesabu kuwa mdaiwa pia. Na kwa kuwa biashara yao ni ya kununua na kuuza, atadaiwa bila kikomo na kwa pamoja na wenzake: mkopeshaji anaweza kumdai yeye peke yake 12,000 zote. Mtu mwenye jina kubwa mjini ndiye aliye hatarini zaidi hapa, maana wakopeshaji humfuata mwenye mali inayoonekana.

Kuna sharti moja ambalo husikika sana kwa wenye fedha: nirudishie pesa yangu na fungu langu la faida, hasara ni juu yako. Ni vyema ifahamike wazi kwamba ndani ya ubia sharti hilo halina nguvu. Sheria ya OHADA inakataa kifungu kinachompa mbia mmoja faida yote, na inakataa vilevile kinachomwondolea mbia hasara yote. Kifungu kama hicho huhesabiwa kana kwamba hakikuandikwa. Ubia unabaki, kifungu kinafutika, na hasara inafuata kiasi alichoweka kila mmoja. Mwenye fedha ambaye hataki kabisa kuonja hasara anapaswa kukopesha, aitwe mkopeshaji, apokee riba yake na asidai sauti katika biashara. Hawezi kuwa mkopeshaji siku ya hasara na mbia siku ya faida.

Tuipeleke sasa hesabu ile ile kwenye SARL. Watatu wale wameunda kampuni yenye mtaji wa 50,000, na kampuni ndiyo iliyokopa. Kahawa imeleta 10,000. Mkopeshaji anazichukua, anabaki anadai 12,000 kwa kampuni isiyo na kitu. Wabia wamepoteza 50,000 zao na hapo pameishia. Nyumba ya msafirishaji haiguswi. Huu ndio ukuta ambao watu hununua wanapounda kampuni. Lakini ukuta huo una mlango, na wakopeshaji wanaujua. Anayekopesha kampuni changa isiyo na mali kwa kawaida humtaka meneja au mbia mkubwa aweke dhamana yake binafsi. Ukishatia saini dhamana hiyo, kwa deni lile umerudi ulipokuwa kabla ya kampuni. Ndiyo maana nasema kwamba karatasi ya kutazama kwanza ni ile ya mkopo, hata kabla ya katiba ya kampuni: jina la nani limo humo kama mdhamini?

Mamlaka nayo hugawanyika kwa namna ambayo huwashangaza wabia wadogo. Katika ubia wa mkataba, wabia wako huru kupanga watakavyo, na wasipopanga sheria inawarudisha kwenye kanuni za ushirika wa watu, ambamo maamuzi yanayopita madaraka ya meneja yanahitaji wote wakubali. Mwenye fungu la 20 ana kura inayoweza kuzuia jambo. Akiingia SARL kwa fungu lile lile, nguvu hiyo inayeyuka. Meneja wa SARL huchaguliwa na wanaoshika zaidi ya nusu ya mtaji, kwa hiyo mfadhili mwenye 60 anamweka amtakaye peke yake. Kubadilisha katiba ya kampuni kunahitaji angalau robo tatu ya mtaji. Mfadhili peke yake hafikii 75, lakini akimvuta mmoja wa wale wawili anafika 80, na wa tatu anabaki mtazamaji. Wadogo hawa wawili wana kinga pale tu wanaposimama pamoja.

Faida ndiyo inayoumiza zaidi. Katika mkataba wa msimu mmoja faida hugawanywa kahawa ikishauzwa na hesabu kufungwa, kwa sababu ubia wenyewe unaishia hapo. Katika kampuni, faida ni ya kampuni hadi mkutano wa wabia uamue kuigawa. Kwanza sehemu ya kumi ya faida inawekwa akiba ya kisheria, hadi akiba hiyo ifikie sehemu ya tano ya mtaji. Kilichobaki, wenye wingi wa hisa wanaweza kuamua kukibakiza ndani mwaka huu, na mwaka ujao, na ule mwingine. Mbia mdogo anaweza kwenda mahakamani kulalamika kwamba wengi wametumia vibaya nguvu zao, na sheria inamkubalia, ila ni lazima aonyeshe kwamba uamuzi ulipitishwa kwa faida ya wengi pekee na haukuhalalishwa na maslahi ya kampuni. Meneja anayesema fedha zinahitajika kununua lori jipya amekwisha kupata hoja yake.

Mfano mkubwa upo kaskazini mwetu, Haut-Uele. Mgodi wa dhahabu wa Kibali unamilikiwa na kampuni ya ubia ambamo Barrick ana asilimia 45, AngloGold Ashanti 45, na kampuni ya dola ya dhahabu, SOKIMO, 10. Fungu la dola lilikuwa 30 kabla ya kuuza 20 mwishoni mwa mwaka 2009, na dhahabu ya kwanza ilitoka Septemba 2013. Wale wawili wakubwa wanashika 90 zao kupitia kampuni ya pamoja iliyoandikishwa Jersey, na uendeshaji wa mgodi uko kwa Barrick, aliyeurithi kwa kuungana na Randgold tarehe 1 Januari 2019. Sehemu kubwa ya gharama za ujenzi iliingia mgodini kama mkopo kutoka kwa wabia hao wakubwa. Na hapo ndipo palipo na fundisho kwa mwenye depo wa Luofu: mkopo wa mbia hulipwa kabla ya gawio. Mbia mkubwa anaweza kupokea fedha kutoka kwenye kampuni kwa miaka kadhaa kama mdai, huku mbia mwenye 10 akisubiri faida ambayo bado haijatangazwa. Hakuna wizi katika mpango huo. Ni kawaida ya biashara ya migodi. Lakini asilimia 10 ya hisa haikuwahi kumaanisha asilimia 10 ya kila fedha inayotoka mgodini, na anayesaini bila kulijua hilo ataishi na manung'uniko.

Kutokana na hayo yote hukumu yangu ni hii: biashara ya mzunguko mmoja, kontena moja au msimu mmoja, iendeshwe kwa ubia wa mkataba ulioandikwa, na biashara inayojenga kitu cha kudumu na kukopa mwaka hadi mwaka, kama kituo cha kuoshea kahawa au mtambo mdogo wa umeme, iwekwe ndani ya kampuni, lakini isiwe kampuni tupu. Iwe na mkataba wa wabia pembeni yake, jambo ambalo sheria ya 2014 imelitaja na kuliruhusu waziwazi, unaosema ni maamuzi gani hayapiti bila ridhaa ya wadogo: kukopa kupita kiasi fulani, kuuza depo, mshahara wa meneja, mikopo ya wabia na riba yake, na sehemu ya faida ambayo lazima igawanywe kila mwaka.

Najua pingamizi la kwanza: kampuni ni gharama. Kuna kujiandikisha, kuna vitabu vya hesabu, kuna kodi ya faida ya kampuni na tena kodi juu ya gawio, na kuna maofisa ambao wakishaliona jina lako kwenye rejista hawakuachi. Yote ni kweli, na ndiyo sababu sishauri kampuni kwa kila jambo. Lakini ubia wa mkataba hauondoi kodi. Unaihamishia kwa wabia na kwa yule anayeuza kwa jina lake. Isitoshe, kujificha kuna mpaka. Wabia wakianza kutumia jina moja mlangoni, mhuri mmoja, akaunti moja na risiti zenye majina ya wote, kwa watu wa nje wameshakuwa ushirika ulio wazi, na wanawajibika wote bila kikomo. Mtu anayeliona bango jipya juu ya depo na mhuri mpya mezani ajue kwamba muda wa kuandikisha kampuni umefika, na pengine umeshapita.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa watu wetu: sisi tunaaminiana, ni ndugu, tunasali pamoja, karatasi ni dharau. Siukejeli uaminifu huo. Ndio uliojenga Butembo wakati serikali haikuwa na barabara wala benki ya kutoa. Ila uaminifu ni baina ya watu walio hai. Ubia wa mkataba unavunjika kwa sababu zile zile zinazovunja ushirika wa watu, na mojawapo ni kifo cha mbia, isipokuwa kama wamepatana vingine. Mwenye depo akifa katikati ya msimu, wabia wanabaki na wajane na watoto ambao hawakuwepo siku ya mapatano, na wanasimama mbele ya depo ambayo kisheria haikuwahi kuwa ya ubia. Mali ambayo mbia ameiweka kwa matumizi ya pamoja inabaki yake, na hivyo inakwenda kwa warithi wake. Wadai wake binafsi nao wanaweza kuikamata. Kahawa iliyonunuliwa kwa jina la msafirishaji, mbele ya watu wa nje, ni ya msafirishaji, na mwenye kumdai kwa deni la zamani la pikipiki anaweza kuifuata humo humo deponi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wanaoikosa habari ni watoto.

Wapo watakaouliza karatasi ina faida gani pale ambapo vita vimefunga njia na mahakama ziko mbali. Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na biashara ya kusini mwa Lubero imeishi na hofu hiyo tangu wakati huo. Nakubali kwamba mkataba hauzuii risasi. Lakini vita ndivyo vinavyozusha maswali ambayo mkataba pekee unaweza kuyajibu bila ugomvi: kahawa iliyoporwa ikiwa bado deponi ilikuwa ya nani, nani alibeba hatari tangu ilipopakiwa garini, je, mbia aliyekimbilia Butembo anaendelea kulipia ulinzi, na barabara ikifungwa siku ngapi ndipo ubia unahesabiwa umekwisha. Yakiandikwa kabla, mzee mmoja anayeaminiwa na pande zote anaweza kuyaamua chini ya mti, au mpatanishi aliyetajwa katika mkataba. Yasipoandikwa, hata mahakama iliyo wazi itachukua miaka.

Kwa hiyo ninawaomba wanaojiandaa kwa msimu ujao, Luofu, Butembo na Beni: kabla ya kuhesabu faida, kaeni na mkopeshaji na muandike jina la yule atakayedaiwa. Kisha andikeni mali ya kila mmoja inayotumika, mafungu ya hasara kando ya mafungu ya faida, na kitakachofanyika mmoja akifa. Ukurasa mmoja, nakala moja kwa kila mbia, mashahidi wawili.